Bomba Limeziba Wapi? Soma Chemba Kabla ya Kushika Waya

Nyumba iko Tabata, Dar es Salaam. Mwenye nyumba anaishi upande wa mbele, wapangaji wako nyuma, na choo na bafu viko uani. Choo kikivutwa, maji yanapanda hadi karibu na ukingo, yanatulia hapo, kisha yanashuka taratibu kwa shingo upande. Muda huohuo, nje ya dirisha la jikoni, kale kakisima kadogo kanakopokea maji ya sinki, ambako mafundi hukaita gali, kanafurika maji meusi yenye harufu. Kila baada ya miezi michache alikuwa akiitwa kijana wa mtaani. Alisukuma waya chooni, maji yakaenda, akalipwa. Baada ya muda mambo yakawa yaleyale.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupata mkosaji. “Ni watoto wa wapangaji hawa,” alimwambia fundi aliyeitwa safari hii. “Wanatupia vitu chooni.”

“Inawezekana, mama,” fundi akajibu. “Lakini kwanza naomba ndoo tatu za maji, na unionyeshe chemba zilipo.”

Nawasihi wasomaji walishike ombi hilo, kwa kuwa kazi nzima ya kuzibua imelala ndani yake. Watu wengi hukimbilia kifaa. Fundi anayejua kazi yake huanza kwa kutafuta mahali palipoziba, na maji yenyewe ndiyo yanayomwonyesha. Bomba la sinki, la bafu na la choo huanza kila moja peke yake, kisha hukutana na kuwa njia moja inayokwenda kwenye shimo au kwenye mtandao wa majitaka wa mji. Sinki likiwa linasuasua peke yake huku choo na bafu viko salama, kilichoziba kiko kati ya sinki hilo na mahali njia yake inapokutana na nyingine. Sehemu mbili au tatu zikilalamika kwa pamoja, basi kizuizi kiko mbele ya makutano yao. Na maji yaliyokosa njia hayapandi juu ovyo. Hutafuta mdomo ulio chini kuliko yote, yakatokea hapo. Ndiyo maana maji ya choo cha Tabata yalichomoza kwenye gali la jikoni, ambalo halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa tu mdomo wa chini kabisa katika nyumba ile.

Fundi alimwaga ndoo ya kwanza kwenye gali, ikakataa kushuka. Ya pili akaimwaga bafuni, na tundu la sakafuni likaguguma, likatoa mapovu. Ya tatu hakuihitaji tena. Jikoni, bafuni na chooni kote kulikuwa na ugonjwa mmoja, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kupoteza muda kwenye koo la choo.

Kama tatizo lingekuwa kwenye sinki moja tu, kifaa cha kwanza kingekuwa mpira wa kuzibulia, ule wenye mpini wa mti. Ni kifaa cha bei ndogo na chenye nguvu, ila wengi wanautumia vibaya. Wanaukandamiza juu ya tundu kavu, wanasukuma kwa hasira, kisha wanasema haufai. Hewa hubonyea na maji hayabonyei. Ukisukuma hewa, nguvu yako inaishia kuibana hewa hiyo. Ukisukuma maji, nguvu ileile inafika moja kwa moja kwenye uchafu ulioziba. Kwa hiyo jaza maji kwanza hadi mdomo wa mpira ufunikwe kabisa, na uuingize kwa ubavu ili hewa iliyomo ndani itoke. Beseni la kunawia huwa na kitundu cha kupunguzia maji karibu na ukingo: kizibe kwa tambara lililoloa. Sinki likiwa la vyumba viwili, ziba tundu la chumba cha pili pia. Usipofanya hivyo, msukumo utatorokea huko.

Kisha anza polepole, halafu sukuma na vuta bila kuuachia mpira, mara 15 hadi 20, na mwisho ung'oe kwa ghafla. Watu husahau kwamba kuvuta ndiko kwenye faida kubwa. Uchafu uliingilia upande wako, na mara nyingi umekwama kwenye kona. Ukiusukuma tu unaweza kuushindilia zaidi, lakini ukiuvuta huku ukiusukuma unalegea. Kwa choo cha kukalia, tumia mpira wenye mdomo wa pili unaochomoza kwa chini, kwa sababu ule wa sinki haukai vizuri kwenye koo la choo. Maji yakizunguka na kumezwa kwa mlio wa kunyonya, umeshinda. Baada ya raundi tatu bila mabadiliko, au ukisukuma hapa na maji yakaruka kwenye tundu jingine, weka mpira chini. Mahali palipoziba pako mbali kuliko unavyofikiri.

Kwa sinki la jikoni kuna hatua fupi zaidi ambayo naiona bora kuliko mpira. Weka ndoo chini ya lile bomba lililopinda, fungua kwa mkono karanga mbili za plastiki zinazolishikilia, ulishushe na ulimwage. Humo ndimo unamokuta wali, makombo ya ugali, nyuzi za stili waya ya kusugulia sufuria na mafuta yaliyoganda. Linasafishwa kwa brashi, linarudishwa, na kazi imekwisha. Likiwa safi na maji bado hayaendi, angalau umejua kwamba kizuizi kiko ndani ya ukuta au nje.

Kabla ya kuinama popote, fundi wa Tabata aliuliza swali moja zaidi: “Mmemwaga dawa yoyote humu?” Hilo si swali la adabu tu. Soda kali, ile chembechembe nyeupe inayouzwa kwa kuzibulia, ikikutana na maji hutoa joto kali na inachoma ngozi na macho. Bomba likiwa limeziba kabisa, dawa hiyo inakaa palepale ndani ya maji yaliyosimama, na atakayesukuma mpira inamrukia usoni. Wapo wanaomwaga soda kali jioni, wakaona haifanyi kazi, asubuhi wakaongeza asidi. Viwili hivyo vikikutana huchemka kwa kishindo. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini nayo ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu, na bafu ni chumba kidogo. Soda kali inaweza kusaidia mafuta yanayoanza kuganda kwenye bomba ambalo bado linapitisha maji. Kwa kitambaa, mzizi au bomba lililobonyea haifanyi lolote. Kama umekwisha kuimwaga, mwambie fundi.

Mama alikuwa hajamwaga kitu. Fundi akaenda nyuma ya choo. Pale bomba la inchi 4 linapotoka ukutani kulikuwa na tawi fupi lililoelekea juu, limefungwa kwa kifuniko cha plastiki cha kuzungusha. Huo ndio mdomo wa kusafishia. Nyumba nyingi zinao, chini ya bomba linaloshuka kutoka ghorofani au pale njia inapopinda, lakini hupakwa rangi pamoja na ukuta na kusahauliwa. Kazi yake ni kukuwezesha kuingiza waya kwenye njia kuu bila kung'oa choo na bila kupitia kona zake.

Kuufungua kunahitaji subira. Fundi alisimama pembeni, si mbele yake, akaweka karai chini, akazungusha kifuniko robo mzunguko tu na kusubiri. Maji meusi yakaanza kuvuja taratibu kwenye ukingo. Hiyo ilikuwa habari tosha: kama kuna maji nyuma ya kifuniko, bomba limejaa hadi hapo, na kilichoziba kiko mbele kuelekea shimoni. Kama kingefunguka kikavu huku choo kimejaa, kizuizi kingekuwa nyuma, kati ya hapo na choo. Anayekifungua kwa pupa, mara moja hadi mwisho, huoga majitaka ya nyumba nzima. Fundi alikikaza tena na kwenda kutafuta chemba.

Chemba ni kile kisima kidogo cha tofali chenye mfuniko wa zege, kinachojengwa mahali mabomba yanapokutana au yanapogeuka. Ndani, chini, kuna mfereji ulio wazi, hivyo ukifunua mfuniko unaona majitaka yanavyopita. Tatizo la uani pale ni kwamba ya kwanza tu, nyuma ya choo, ndiyo iliyoonekana. Nyingine zilikuwa chini ya tofali za kutandaza, zilizowekwa ili magari yasiingie kwenye tope. Fundi alisimama juu ya mfuniko wa kwanza, akatazama lilipo bomba refu la kutolea hewa la shimo karibu na geti, akafuata mstari huo huku akigonga chini kwa nondo. Kwenye udongo mlio ni mzito. Kwenye kona ya jikoni mlio ukawa wazi, kama wa mtungi mtupu. Zikaondolewa tofali sita, mfuniko ukaonekana. Wa tatu ulipatikana mita mbili kabla ya shimo.

Vifuniko vyote vitatu vilifunuliwa. Chemba ya kwanza ilikuwa imejaa. Ya pili, inayopokea maji ya gali la jikoni, imejaa. Ya tatu ilikuwa tupu, mfereji wake una unyevu tu. Kanuni inayofuatwa hapo ni nyepesi, na mwenye nyumba yeyote anaweza kuitumia: palipoziba pako kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu. Choo hakikuwa na hatia, jikoni hakukuwa na hatia. Kizuizi kilikuwa ndani ya kipande kimoja cha bomba chenye urefu wa mita 9, kati ya kona ya jikoni na geti. Hakuna waya wa kijana yeyote uliosukumwa kutokea chooni ambao ungeweza kufanya zaidi ya kutoboa kitundu kule.

Chemba zote zingekuwa zimejaa, pamoja na ya mwisho, habari ingekuwa nyingine kabisa. Hapo bomba halijaziba. Shimo lenyewe ndilo limejaa, au shimo la kunyonyea maji limeshindwa kazi. Wakati wa masika hili hutokea sana katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu, kwa sababu udongo uliojaa maji hauwezi kunyonya zaidi. Linaitwa gari la kunyonya majitaka, na kama shimo linajaa tena siku chache baada ya kunyonywa, tatizo liko kwenye udongo au kwenye mabati ya paa ambayo maji yake ya mvua yameelekezwa humo. Kwa nyumba iliyounganishwa na mtandao wa mji, chemba ya mwisho ndani ya ua ikijaa na kubaki hivyo, kazi si yako tena. Ni ya mamlaka, ambayo kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Kusukuma springi katika hali hizo ni kujichosha.

Na hapa niseme bila kuzungukazunguka: mtu asiingie ndani ya chemba yenye kina wala ndani ya shimo, hata kwa dakika moja, hata kumfuata aliyeanguka. Majitaka yanayooza hutoa gesi inayoua, na ikizidi pua huacha kuinusa, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Wanaokufa mara nyingi ni wawili au watatu, kwa sababu wa pili alishuka kumwokoa wa kwanza. Kazi yote hufanywa ukiwa juu, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kwa muda kwanza, bila sigara wala moto karibu.

Springi aliyoitumia fundi ilikuwa ya chuma, ndefu, nene kuliko kidole kidogo, yenye kichwa kilichopinda na mkono wa kuzungushia. Kwa sinki inatosha nyembamba ya milimita 6. Kwa bomba la inchi 4, nyembamba hiyo hujikunja ndani na kurudi ilikotoka. Choo kina yake fupi, kama mita moja, yenye ganda la plastiki ili isikwaruze kauri. Wenye nyumba wengi hununua nyembamba na kudhani itafaa kila mahali, kisha wanalaumu kifaa.

Fundi aliamua kuanzia kwenye chemba tupu na kupanda juu kuelekea iliyojaa. Kwenye chemba iliyojaa ungefanya kazi kwa kupapasa, huoni hata mdomo wa bomba. Kwenye ile tupu unaona kila kitu, na maji yakifunguka yanakusaidia kusukuma uchafu. Kabla ya kuanza aliziba njia ya kuelekea shimoni kwa wavu wa kuku, ili kitakachotoka kinaswe na kionekane. Mara nyingi hatua hii inarukwa, uchafu unapelekwa shimoni au kwenye bomba la mbele, na hakuna anayejua kilichokuwa kimeziba.

Springi haisukumwi kama fimbo. Inazungushwa. Unaiingiza mpaka ikatae, unaacha kipande kifupi tu nje, kama sentimita 15 au 20, unazungusha kwa kuelekea kulia huku unaiegemea kidogo. Ukiacha kipande kirefu nje, nguvu yako inaishia kwenye waya unaojipinda hewani, na waya huo ukifyatuka unaumiza mkono. Usizungushe kinyume ukiwa ndani: springi inalegea, na zile fito za kuunganishwa zinajifungua na kubaki bombani. Vaa glovu nzito za ngozi, zinazobana, maana za kitambaa hunaswa na kuzungushwa pamoja na vidole.

Mkono uliozoea unasoma kila kinachogusa kichwa cha springi. Kwenye kona inakataa, inarudi kidogo, ukizungusha inapita na kuendelea bila shida. Kwenye mafuta yaliyoganda inaingia pole pole, laini, na ikirudi imepakwa utando wa kijivu. Kwenye kitambaa inakamata, na unahisi waya unajaza nguvu kama unataka kukurudisha. Kwenye bomba lililovunjika au jiwe inagota, haiendi mbele hata ukizungusha. Mzizi una sifa yake: unadunda, unakubali kidogo, unakataa tena.

Springi ya Tabata ilikataa, na ilikuwa inadunda. Fundi alifunga utepe mwekundu kwenye waya pale ulipoingilia mdomo wa bomba, kisha akaendelea kuzungusha mbele na nyuma. Ghafla kijito chembamba cha maji kikaanza kutiririka kwenye mfereji wa chemba. Mama alishangilia. Fundi hakusimama, na hapo ndipo kazi nzuri inapotofautiana na mbaya. Kutoboa kitundu siyo kuzibua. Maji yatapita siku ile, fundi atalipwa, na kile kilichobaki pembeni kitaanza kukusanya uchafu upya. Alipitisha springi mara nyingi, akiitoa kila mara na kuifuta kwa gunia, hadi maji ya chemba mbili yakaja kwa mshindo mmoja na kuporomoka.

Kwenye wavu kulibaki vitu viwili. Kimoja kilikuwa tambara la kudekia, limekuwa jeusi na kuchanika nyuzi. Kingine kilikuwa kishungi cha mizizi myembamba kama nywele, kinachojaza mikono miwili.

Angeweza kukunja vifaa vyake hapo. Mama mwenyewe alikuwa ameridhika, na tambara lilionekana kuthibitisha maneno yake kuhusu watoto. Lakini tambara lilipita chooni, likapita kona mbili na chemba mbili bila kukwama, likaja kunasa katikati ya bomba lililonyooka. Kwa nini hapo? Kwa sababu mizizi ilikuwa imelisubiri. Na mizizi iliingiaje? Mzizi hautoboi bomba zima. Hufuata unyevu unaovuja, ukapenya kwenye ufa au kiungo kilicholegea, na ukishafika ndani kwenye maji na mbolea unatanuka. Mwarobaini ulikuwa umesimama mita tatu kutoka kwenye njia ile. Ukikata mizizi ukaacha ufa, umeupogoa mti, nao utachipua. Wamarekani waliligundua hili zamani: mwaka 1933, Samuel Blanc wa mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, alitengeneza mashine ya kukata mizizi ndani ya mabomba kwa mota ya mashine ya kufulia na waya wenye visu. Mashine za namna hiyo bado zinafanya kazi hadi leo, na bado mizizi inarudi pale ambapo bomba halikutengenezwa.

Fundi alinyoosha springi chini juu ya tofali, utepe mwekundu ukiwa kwenye mdomo wa chemba ya tatu. Kichwa kilifika mita 4. Hapo ndipo palikuwa na tatizo, bila kubahatisha. Kisha akafanya kipimo kinachohitaji tochi na kioo kidogo tu. Mtu mmoja alimulika tochi kutoka chemba ya pili, yeye akateremsha kioo chenye mpini kwenye chemba ya tatu na kutazama ndani ya bomba. Bomba lililonyooka huonyesha duara kamili la mwanga. Alichokiona kilikuwa nusu duara, na chini yake maji yaliyotuama. Bomba lilikuwa limebonyea katikati.

Sababu yake ilikuwa imesimama getini siku zote. Mtaa ule maji ya bomba hukatika, kwa hiyo mama hununua maji kwa boza. Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji peke yake, bila kuhesabu gari lenyewe, nalo hupita juu ya njia ile kwenda kujaza tangi. Walipochimba kwenye alama ya mita 4, bomba lilikuwa sentimita 25 tu chini ya tofali, limelazwa juu ya vifusi vya ujenzi, na kiungo chake kimefunguka ufa unaopitisha kucha. Boza lililibonyeza, ufa ukafunguka, mzizi ukaingia, tambara likanasa. Mtoto aliyetupa tambara, kama ni mtoto, alikuwa wa mwisho kwenye mnyororo huo.

Walibadilisha mita 2 za bomba. Vifusi viliondolewa, ukawekwa mchanga wa sentimita 10 na kushindiliwa, kwa sababu bomba lililolala juu ya jiwe huvunjikia juu ya jiwe hilo. Mteremko ulipimwa kwa mpira wa plastiki wenye maji, ule waashi wanaoutumia kusawazisha msingi. Kwa bomba la inchi 4, kipimo kilichozoeleka ni kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita, hivyo kwa mita 9 chemba ya tatu inapaswa kuwa chini ya ile ya pili kwa sentimita 22.5. Zikipungua sana, maji yanakwenda na kuacha uchafu nyuma. Juu ya bomba ukarudishwa mchanga, kisha bamba la zege lenye nondo, lisiligusa bomba, likikalia udongo mgumu pande zote mbili ili uzito wa gari usifike chini.

Kabla ya kufukia, fundi aliziba mdomo wa bomba kwenye chemba ya tatu, akajaza maji hadi chemba ya pili, akapiga mstari wa chaki usawa wa maji. Wakanywa chai. Nusu saa baadaye maji yalikuwa palepale kwenye mstari. Akafungua, akatazama tena kwa kioo, na safari hii duara lilikuwa kamili.

Nilimwuliza fundi ni nini hasa kinachomchelewesha katika kazi hizi. Alisema si uchafu wala mizizi. Ni kutafuta chemba. Amezikuta chini ya vigae, chini ya jiko la mkaa, nyingine chini ya chumba cha duka lililoongezwa mbele ya nyumba. Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayejenga au anayepanga kutandaza tofali uani ni hili. Pandisha mifuniko ya chemba hadi usawa wa tofali, wala usiifunike. Usipake zege wala rangi kwenye kifuniko cha mdomo wa kusafishia. Kipake grisi ili kizunguke siku kitakapohitajika. Na kabla mabomba hayajafukiwa, yapige picha kwa simu, pima umbali wa kila chemba kutoka kwenye kona ya nyumba, uandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati ya kiwanja.